Kutumia simu ikiwa kwenye chaji: maswali ninayoulizwa kila siku nikiwa mezani

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Kariakoo na haya ndo maswali ambayo mtu akileta simu lazima aulize moja au mawili, nimechoka kuyajibu kwa mdomo nikaamua niyaandike sehemu moja. Sijayapanga vizuri sana, nimeyaandika kama yanavyokuja.

Fundi, sema tu moja kwa moja, kutumia simu huku inachaji ni vibaya au sio vibaya?

Kutumia kwenyewe sio tatizo. Kuna vitu viwili vinavyoleta shida na watu wanavichanganya. Kwa upande wa betri adui ni joto, na kwa upande wa wewe mwenyewe hatari iko kwenye kichwa cha chaja na soketi, sio kwenye simu. Ukiwa na chaja nzuri na simu haijapata moto, we chati tu.

Umeme unapitaje nikiwa natumia? Si betri inachajiwa na kutumika kwa wakati mmoja?

Hapana, na hapa ndo wengi wanakosea. Ndani ya simu kuna aisii ya chaji, kazi yake ni kugawa umeme. Ukichomeka chaja umeme unaanza kwanza kuendesha simu yenyewe, kioo, mtandao, prosesa, alafu kinachobaki ndo kinaenda kwenye betri. Betri inaguswa tu pale simu inapotaka umeme mwingi kuliko ule chaja inaoleta.

Chukua mfano wa simu ya kawaida yenye betri ya 5000mAh, hiyo ni kama wati-saa 19. Chaja yako ni ya wati 10, tuseme zinazofika kweli ni 8 maana nyingine inapotea kama joto njiani. Ukiiacha imelala itajaa kwa masaa mawili na nusu mpaka matatu, maana mwishoni huwa inachaji polepole. Sasa ukiwa unaongea kwa video simu inakula wati 3 au 4, kwa hiyo betri inapata 4 au 5 tu, bas kujaa itachukua masaa manne mpaka matano. Simu haina ubovu wowote hapo, ni hesabu tu. Na ukichaji kwa tundu la kompyuta la zamani linalotoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2 na nusu, ukiongea kwa video utaona asilimia zinashuka huku alama ya chaji iko juu kabisa, hapo usikimbilie kwa fundi kusema sistimu chaji imekufa.

Kama ni hivyo mbona betri ya dada yangu ilivimba kwa kutumia huku anachaji?

Ilivimba kwa sababu ya moto. Kuchaji kunaleta joto, kutumia kunaleta joto, ukiweka vyote viwili pamoja ndani ya kava nene la mpira joto halina pa kutokea. Na betri ya lithiamu inazeeka haraka ikiwa na vitu viwili kwa pamoja, imejaa sana na imepata moto. Kuna makadirio ambayo watu wa betri wanayatumia sana, betri iliyokaa mwaka mzima ikiwa imejaa kwenye nyuzi 25 inabaki na uwezo wa kama asilimia 80, ile iliyokaa imejaa kwenye nyuzi 40 inabaki na kama 65. Tofauti ni nyuzi 15 tu hapo. Na Dar mwezi wa pili chumba kisicho na feni kinafika 33 kabla hata hujawasha simu.

Nina mteja mmoja anauza nguo laivu usiku, masaa matatu manne, simu iko kwenye stendi, kava lake lile nene, taa ya duara imeiangalia kwa karibu, waya wa chaja umechomekwa mwanzo mwisho. Betri ya kwanza ilivimba ndani ya mwaka, nikambadilishia, ya pili ikaanza kunyanyua kioo baada ya miezi kadhaa, akaja amekasirika kwamba nimemuwekea feki. Nikamwambia dada, leo ukiwa laivu niangalizie joto la betri unitumie. Akanitumia picha, nyuzi 46. Nikamwambia toa kava, sogeza taa nyuma, weka feni ndogo ipulize mgongo wa simu, na uanze laivu ikiwa na asilimia kama 50 sio 100. Kesho yake ikasoma 38. Chaja ile ile, simu ile ile, laivu ile ile.

Hilo joto la betri naliangalia wapi?

Kwenye Androidi shusha apu inaitwa Ampere, inakuonyesha joto la betri na pia miliampea zinazoingia, ni nzuri hata kwa kupima waya na chaja. Baadhi ya simu ukipiga *#*#4636#*#* inakuja menyu yenye taarifa za betri, nyingine wameiondoa. Aifoni haikuonyeshi joto ila ina onyo lake, ikizidi inakataa kufanya kazi mpaka ipoe, na Apple wenyewe wanasema itumike sehemu yenye nyuzi 0 mpaka 35.

Mimi nachukulia hivi, chini ya 40 usihangaike, 40 mpaka 44 toa kava au pumzisha, 45 kwenda juu chomoa. Simu nyingi zenyewe zikifika huko zinapunguza chaji au zinakata, ndo maana mtu anakuja anasema "fundi inagoma kuchaji nikiwa nacheza gemu". Haijagoma, inajilinda.

Kama huna apu tumia mkono. Ukiweza kuishika mgongoni ukahisi ni vuguvugu, sawa. Ukiona unahamisha vidole, imezidi.

Na gemu je? Mimi bila chaja siwezi kumaliza mechi.

Gemu ndo baya kuliko vyote kwa betri, kwa sababu prosesa inakaa juu muda mrefu. Ila angalia simu yako kama ina kitu kinaitwa Bypass Charging. Infinix walikileta kwenye Note 30 mwaka 2023 na sasa kiko kwenye simu zao kadhaa, Tecno wanacho kwenye baadhi ya Pova, Samsung wanacho kwenye simu zao kubwa kwa jina la Pause USB Power Delivery ndani ya Game Booster, ila cha Samsung kinataka chaja ya PD na betri iwe imezidi asilimia 20. Ukikiwasha umeme wa chaja unaenda kuendesha simu moja kwa moja na betri inaachwa ipumzike, asilimia zinasimama pale pale. Watu wanadhani imeharibika wanazima. Usizime, ndo raha yenyewe.

Kama huna hicho kitu basi cheza na chaja ya kawaida badala ya fasti chaji. Ya wati 10 inatosha kubeba sehemu kubwa ya gemu na haiongezi moto kama ile ya 33 au 45.

Nikitumia huku nachaji namaliza mizunguko ya betri haraka?

Mzunguko mmoja unahesabiwa umeme uliopita kwenye betri ukifika jumla ya asilimia 100, sio kila ukichomeka. Ukitumia 50 leo na 50 kesho ni mmoja. Sasa kama unatumia umeme wa chaja moja kwa moja huo haujapita kwenye betri, kwa hiyo hauhesabiwi. Kwa hesabu ya mizunguko peke yake, kutumia ukiwa umechomeka kunaweza hata kuwa afadhali. Joto ndo linaharibu hesabu.

Simu inaweza kunilipukia mkononi nikiongea huku inachaji?

Ili betri ya lithiamu iwake lazima ndani yake utokee mguso wa chanya na hasi, au ipate moto mkubwa sana. Ile nailoni nyembamba inayotenganisha pande mbili inayeyuka kwenye nyuzi kama 130. Kupiga simu au kuchati hakukufikishi huko hata kidogo, simu inajizima zamani.

Zinazowaka ni zile zenye kasoro ndani, au zimetobolewa, zimekaliwa zikapinda, zimeshavimba mtu akaendelea kuzichaji, au ni betri za bei ya kutupa zisizo na ile sakiti ndogo ya ulinzi pale juu. Wote mnakumbuka Galaxy Note 7 mwaka 2016. Samsung walikuja kueleza Januari 2017 kwamba kosa lilikuwa kwenye betri zenyewe, za kiwanda kimoja zilikuwa zinabanwa kwenye kona, za kiwanda kingine uchomeleaji uliacha vijiba vinavyotoboa ndani. Na nyingine ziliwaka bila mtu kuzigusa.

Betri iliyovimba utaijua, mfuniko wa nyuma umenyanyuka, kioo kimeachia pembeni mwanga unavuja, au ukiilaza mezani na kuizungusha inazunguka kama pia. Hiyo usichaji tena hata kidogo, usijaribu kuitoboa itoe hewa (kuna watu wanafanya hivyo, nimewaona kwa macho yangu), ilete ibadilishwe. Ikianza kutoa moshi kata umeme kwanza, toka karibu, moshi wake ni sumu. Ukishakata umeme maji mengi ndo yanaipoza.

Mbona nikishika simu ikiwa kwenye chaji inanipiga shoti?

Hili ndo swali ninalotaka watu walisome vizuri.

Kuna shoti mbili. Ya kwanza ni ile kama inakutekenya, ukipitisha kidole juu juu kwenye pembe ya chuma unahisi inatetemeka kama msasa laini, ukiishika kwa nguvu inapotea. Hiyo inakuja hata kwa chaja orijino ya pini mbili. Ndani ya chaja kuna kidude, kapasita ya bluu ya mviringo, inaunganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa simu ili kupunguza kelele za umeme, na inapitisha umeme kidogo sana, kwa kawaida chini ya robo ya miliampea. Ukiwa peku kwenye sakafu ya simenti utaihisi zaidi, ukivaa ndala inapotea. Inaudhi lakini haiui.

Ya pili ni ile inayokurusha mkono. Hiyo ni umeme wa ukutani umevuka. Chomoa hiyo chaja, kwa kuzima swichi kwanza, na usiitumie tena, usimpe mtu mwingine, ivunje.

Siku moja alikuja mzee mmoja na simu yake, anasema "kijana, hii simu ina pepo, ikiwa kwenye chaji kioo kinajibonyeza chenyewe, juzi imempiga mjukuu wangu mpaka akaanguka". Nikamwamkia, nikamwambia mzee, nionyeshe chaja. Kachaja kepesi kama kiberiti tupu. Nikaifungua mbele yake, nikaweka pembeni na ya orijino iliyokufa niliyokuwa nayo. Kwenye orijino, ubao una mfereji umekatwa katikati, upande wa umeme mkali na upande wa simu vimeachana kama milimita 6, transfoma imefungwa tepu ya njano safu kwa safu, kuna fyuzi, kuna ile kapasita ya bluu. Kwenye ya mzee, njia ya volti 230 na njia inayokwenda kwenye simu zimepishana kwa chini ya milimita moja, hamna fyuzi, na badala ya kapasita ya bluu wameweka kapasita ya kawaida tu ambayo ikifa inaweza kuunganisha pande zote mbili. Kikiingia kijivumbi chenye unyevu pale, au mende, simu yako nzima inakuwa ni nyaya ya umeme. Pepo lilikuwa hilo. Mjukuu yuko salama, alikuwa amekaa kitandani, angekuwa peku jikoni kwenye maji sijui.

Ukiwa huitumii simu, chaja ya namna hiyo itaungua peke yake ukutani. Ukiwa umeishika, umeme unapita kwako. Kwa hiyo hapa ndo ule usemi wa "usitumie simu ikiwa kwenye chaji" una ukweli wake, ila tatizo ni chaja. Mwaka 2013 kulikuwa na habari nyingi kutoka China za watu kupigwa shoti na simu zilizokuwa kwenye chaji, na Agosti mwaka huo huo Apple walianza kupokea chaja feki za watu na kuwauzia orijino kwa dola 10 kwenye nchi kadhaa.

Nitajuaje chaja ni feki bila kuifungua?

Dalili kubwa ni kioo. Ukichomeka chaja kioo kikaanza kucheza, kinabonyeza herufi ambazo hujabonyeza au kinakataa kidole, ukichomoa kinakaa sawa, hiyo chaja inatoa umeme mchafu. Usikubali kubadilishiwa kioo kabla hujajaribu chaja nyingine, umeshaokoa hela hapo.

Nyingine ni uzito, feki nyingi ni nyepesi. Maandishi yana makosa ya herufi, imeandikwa wati 65 na bei ni elfu tatu. Inapiga kelele ya mluzi. Inapata moto hata ikiwa haina simu. Na ukipima kwa ile Ampere, imeandikwa ampea 3 lakini inaingiza miliampea 600.

Chaja ya pini mbili nachomeka kwa kijiti kwenye tundu la juu, hiyo nayo ina shida?

Ina shida. Soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza, ile pini ya juu ndo inafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ukitumia kijiti au kalamu unavilazimisha, na pini za mviringo hazishikwi vizuri na vyuma vya ndani, zinagusa kidogo tu. Pakigusa kidogo panatoa cheche na moto. Angalia soketi yako, kama ina rangi ya kahawia kuzunguka matundu ujue imeshaanza kuungua. Nunua adapta nzuri au kichwa cha pini tatu. Na jamani wengine wanatumia msumari kwenye hilo tundu. Msumari!

Mvua ikinyesha na radi?

Simu haiiti radi, hata ukipiga nje. Ila ikiwa imechomekwa ukutani, radi ikipiga nguzo huko mtaani umeme mkubwa unakuja na waya mpaka kwenye chaja. Kwa hiyo wakati wa radi chomoa kabisa, kuzima swichi peke yake hakutoshi, na ukitaka kuongea ongea bila waya. Hivyo hivyo umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi utulie dakika chache ndo uchomeke. Aisii za chaji ninazobadilisha nyingi zinakuja siku ya pili baada ya umeme kukatika katika.

Kuongea ikiwa kwenye chaji kunaongeza mionzi kwenye ubongo?

Hapana. Mionzi ya simu inategemea mtandao, mtandao ukiwa dhaifu simu inatuma kwa nguvu zaidi, chaja haihusiki. Ninachokukataza ni kuvaa hedifoni za waya huku simu iko kwenye chaja usiyoiamini, maana kama umeme umevuka unapelekwa mpaka masikioni. Tumia spika.

Naweza kulala nayo kitandani ikiwa inachaji naangalia muvi?

Kuangalia sawa, kusinzia nayo ndo shida. Ikiingia chini ya mto au ndani ya shuka haipumui, na pale kuna godoro la sponji na chandarua, vyote vinashika moto haraka. Iweke sakafuni au juu ya kitu kigumu, waya mrefu wa mita mbili utakusaidia usijivute. Watoto wadogo pia, kichwa cha waya kikiachwa kinaning'inia wanakiweka mdomoni, volti 5 sio nyingi kwa chaja nzuri lakini mate na umeme vinachoma mdomo, na kama chaja ni ile ya mzee ndo kabisa.

Nikichaji kwa pawabenki naweza kutumia bila wasiwasi?

Kwa shoti ndio, mradi pawabenki yenyewe haijachomekwa ukutani, hamna umeme wa 230 pale. Kwa joto hapana, watu wanaibana pamoja na simu mkono mmoja, zinapeana moto. Iache mfukoni simu ishike mkononi.